Umepaka rangi Ijumaa, Jumapili ni kuogelea: Usiache klorini ikule pesa ya saluni

Ile harufu inayokufuata kutoka kwenye kidimbwi cha kuogelea hadi kwenye matatu, hadi kitandani, wengi huiita harufu ya klorini. Si klorini pekee. Klorini ikikutana na jasho, mkojo na mafuta ya mwili ndani ya maji, huzaa kitu kingine kinachoitwa kloramini, na hicho ndicho kinachonuka hivyo na kuwasha macho. Kwa hivyo kidimbwi kinachonuka sana si kisafi kuliko vingine. Mara nyingi ni kidimbwi ambacho watu wengi wameingia bila kuoga.

Hii stori inamhusu msee yeyote wa huku kwetu. Kati ya Nyeri, Kiganjo, Chaka na Nanyuki, wikendi ni ya watu kujitupa majini kwenye hoteli na resoti, na wengi wao wametoka saluni juzi tu. Nyekundu ya divai, shaba, blondi, bluu, zote ziko mtaani. Halafu Jumatatu mtu anaangalia kioo na kuona rangi imekuwa kama leso iliyofuliwa mara hamsini. Analaumu saluni, na kosa lilitokea kidimbwini.

Klorini inafanya nini kichwani

Klorini huwekwa majini kuua viini. Hufanya hivyo kwa kunyang'anya vitu vingine elektroni, na haichagui. Unywele wako umetengenezwa kwa protini, kwa hivyo unapigwa kama kiini kingine chochote. Kwanza inaondoa mafuta ya asili yanayofunika unywele. Kisha inachokonoa vile vigamba vidogo vya nje, ambavyo kazi yake ni kufunga rangi ndani. Vigamba vikiinuka, rangi inatoka na maji yanaingia.

Si rangi zote zinaumia sawa. Rangi ya kudumu, ile inayochanganywa na peroksaidi, hujengeka ndani kabisa ya unywele, hivyo inavumilia kiasi. Rangi ya muda, hasa nyekundu kali, zambarau na bluu, hukaa karibu na nje na ndiyo ya kwanza kuhama. Nywele zilizoblichiwa ndizo zenye shida zaidi, kwa sababu blichi tayari imezifanya ziwe kama sponji. Ukiongezea rilaksa juu yake, unywele hauna nguvu ya kubaki. Hapo si rangi tu inayopotea, nywele zinakatika.

Na ile kijani inayotokea kwa blondi? Watu husema ni klorini. Ni shaba. Dawa nyingine za kuua mwani kwenye kidimbwi zina shaba, na mabomba ya shaba pia huachilia kidogo maji yakiwa na asidi. Klorini huioksidisha hiyo shaba, nayo inashika kwenye unywele wenye matundu. Tofauti hii ni muhimu, kwa sababu dawa ya klorini haitaondoa kijani.

Kuna kitu kingine cha huku kwetu. Chaka iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Ikweta inapita hapo Nanyuki. Miale ya jua inayochoma huongezeka takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kwa sababu upepo ni baridi, huhisi jua, lakini linapausha rangi ya nywele zilizolowa huku umekaa ukingoni ukila chipsi.

Kazi kubwa ni kabla ya kuingia

Chukua mfano wa dada aliyepakwa nyekundu ya muda Ijumaa jioni kwenye saluni ya Chaka, na Jumapili saa nne marafiki wanamngoja kidimbwini. Ushauri wa kwanza ni asogeze hiyo tarehe ya kuogelea mbele siku kadhaa, kwa sababu rangi mpya bado inatoka hata kwa maji ya kawaida. Lakini tuseme hilo haliwezekani, gari limeshalipwa.

Aende shawa kwanza, alowanishe nywele kabisa kwa maji ya mfereji mpaka zidondoshe maji. Unywele mkavu hunyonya maji karibu asilimia 30 ya uzito wake. Ukiushibisha maji safi, nafasi ya maji ya kidimbwi inapungua sana. Shawa hiyo hiyo inatoa jasho mwilini, na jasho likipungua kloramini zinapungua. Dakika moja inatosha. Ndiyo, maji ya asubuhi huku ni barafu, na ndiyo maana wengi huruka hatua hii.

Baada ya hapo apake mafuta ya nazi au kondishona kuanzia katikati hadi nchani, bila kusuuza. Mafuta ya nazi yana faida moja: huingia ndani ya unywele, hayakai juu tu, na hupunguza protini inayopotea. Yasiwe mengi hadi yaelee kwenye maji ya wenzake. Halafu afunge nywele na kuvaa kofia ya kuogelea.

Kofia haizuii maji yote, lakini inazuia mzunguko wa maji, na hilo ni jambo kubwa. Ya silikoni haivuti nywele kama ya mpira. Kwa wenye rasta au afro kubwa, kofia ya kawaida haiingii. Hili limewahi kuleta mzozo wa dunia: mwaka 2021 shirikisho la kuogelea la kimataifa, FINA, lilikataa kofia kubwa za Soul Cap zilizotengenezwa kwa nywele za aina yetu, kabla ya Olimpiki ya Tokyo. Baada ya kelele nyingi, ziliidhinishwa mwaka 2022. Kwa hivyo ukiambiwa kofia yako ni kubwa mno, usione haya.

Baada ya kutoka: vitamini C, lakini kwa hesabu

Shampuu ya kawaida husafisha mafuta na uchafu, lakini klorini iliyoshika kwenye protini haitoki yote kirahisi. Kinachoizima ni vitamini C, yaani asidi askobiki. Inaipa klorini elektroni inazotafuta, na klorini inageuka kuwa kloridi, kitu kile kile kilicho kwenye chumvi ya jikoni.

Sasa hapa ndipo watu huharibu. Vitamini C ikiwa nzito ndiyo hiyo hiyo watu hutumia kutoa rangi ya nywele makusudi. Ukijipaka uji wa vitamini C kwenye nyekundu yako mpya, utakuwa umemaliza kazi ambayo klorini ilianza. Kwa hivyo tupige hesabu.

Kidimbwi kinachotunzwa vizuri huwa na klorini miligramu 1 hadi 3 kwa kila lita. Tuseme ni 3, na nywele za dada yetu zimebeba maji mililita 200. Hiyo ni klorini miligramu 0.6. Kila sehemu moja ya klorini huzimwa na takriban sehemu 2.5 za vitamini C, yaani miligramu 1.5. Ni kama punje chache tu! Robo kijiko cha chai cha unga, takriban gramu 1, kwenye chupa ya nusu lita tayari ni zaidi ya kutosha mara mamia. Hakuna sababu ya kuongeza.

Nunua unga mtupu kwa kemisti. Vidonge vya kutafuna vina sukari na rangi ya chungwa, na hutaki sukari kichwani. Changanya siku hiyo hiyo, kwa sababu mchanganyiko ukikaa unageuka manjano na nguvu inaisha.

Mpangilio ni huu. Suuza nywele kwa maji safi mara tu unapotoka, dakika mbili au tatu, usingoje kufika nyumbani. Nyunyizia maji ya vitamini C, yaache dakika moja tu kwa nywele zenye rangi, mbili kwa zisizo na rangi, kisha suuza. Funga macho, kwa sababu ni asidi. Ndipo uje na shampuu laini, isiyo na salfeti, na umalize kwa kondishona. Mwilini ni hivyo hivyo, lakini ukiwa na ngozi inayowasha haraka au kidonda, tafuta sodiamu askobeti, ambayo haina ukali wa asidi.

Kama unaogopa, jaribu kwanza. Kata kishungi kidogo cha nywele zako kwa chini, kiweke kwenye mchanganyiko kwa dakika tatu, kisha kikandamize kwenye tishu nyeupe. Tishu ikipata rangi sana, punguza unga au muda.

Hakuna unga? Limau moja lililokamuliwa kwenye nusu lita ya maji lina vitamini C ya kutosha kwa hesabu ile ile. Sharti moja: suuza vizuri kabla ya kutoka juani, kwa sababu juisi ya limau na jua pamoja huunguza ngozi na kuacha alama nyeusi. Siki haizimi klorini. Magadi ya kupikia nayo huinua vigamba vya unywele, kwa hivyo yaache kwa mandazi.

Kwa blondi aliyegeuka kijani, tafuta shampuu yenye neno EDTA kwenye orodha ya viungo. Inashika shaba na kuitoa. Itumie kila baada ya wiki mbili hivi ukiwa mwogeleaji wa kila wikendi, si kila siku, maana inakausha.

Ngozi na ule mchezo wa mavin

Ngozi ya kidimbwini ikikutana na upepo wa Chaka inakuwa kijivu na kuvutika. Kosa la kawaida ni kukimbilia maji moto sana kwa sababu una baridi. Maji moto huondoa mafuta machache yaliyobaki. Tumia vuguvugu, sabuni laini, jifute kwa kugonga taulo bila kusugua, na ndani ya dakika tatu, ngozi ikiwa bado na unyevu, jipake glisirini au jeli. Na vua hiyo nguo ya kuogelea. Ina klorini inayoendelea kukuwasha.

Halafu kuna ile tabia ya kuvaa mavin juu ya nywele mbichi. Kama una rasta, maji hukaa kwenye mizizi kwa saa nyingi, kichwa kinanuka na kuwasha. Kamua kwa taulo, acha upepo upite, ndipo uvae.

Utajuaje kama umefaulu? Kesho yake lowanisha nywele kidogo na uzinuse. Harufu ya kidimbwi ikirudi, hukusuuza vya kutosha. Rudia maji na vitamini C mara moja. Lakini rangi iliyokwisha kutoka hairudishwi na unga wowote. Hiyo ni ya kurudi tena saluni, na hapo utalipa upya.