Pengo la Nishati Ndani ya Fuwele

Katika fuwele ya chuma, ioni hukaa kwa mpangilio unaojirudia, na elektroni za nje za atomu husafiri katikati yake zikiwa mawimbi. Mvuto wa ioni ukiwa hafifu, mawimbi mengi hupita karibu bila kusumbuliwa. Mambo hubadilika pale urefu wa wimbi unapokuwa mara mbili ya umbali kati ya ioni na jirani yake. Hapo kila ioni hurudisha sehemu ndogo ya wimbi, na sehemu hizo zote hurudi kilele kwa kilele, zikijumlishana hadi wimbi zima likageuka.

Wimbi la kwenda likichanganyika na la kurudi, hutokea wimbi lililosimama, na linaweza kusimama kwa namna mbili tu. Katika namna ya kwanza elektroni hukusanyika juu ya ioni, mahali penye mvuto, hivyo nishati yake hushuka. Katika ya pili hukusanyika katikati ya ioni, na nishati hupanda. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo pengo: hakuna wimbi lenye nishati ya kati linaloweza kusafiri humo.

Tuseme ioni zimepangwa kwenye mstari, nanometa 0.3 kutoka moja hadi nyingine. Wimbi la nanometa 0.6 lina nishati ya mwendo ya takriban elektroni-volti 4.2. Mvuto ukipanda na kushuka taratibu kwa elektroni-volti 0.5 juu na chini ya wastani, wimbi moja litashuka hadi 3.95 na jingine litapanda hadi 4.45. Pengo ni 0.5.

Kwenye mstari huo, ukanda wa nishati ulio chini ya pengo una nafasi mbili kwa kila atomu. Atomu ikitoa elektroni moja, kama sodiamu, ukanda hujaa nusu. Msukumo mdogo wa umeme unatosha kuzihamishia elektroni kwenye nafasi tupu za jirani, na mkondo hupita. Ukanda ukijaa wote, kila elektroni inayokwenda kulia ina mwenzake anayekwenda kushoto, na hakuna pa kuhamia ila ng'ambo ya pengo.

Kwa hesabu hiyo magnesi, yenye elektroni mbili za nje kwa kila atomu, ingekuwa kihami. Lakini fuwele halisi si mstari. Ukingo wa ukanda hufikiwa kwa nishati tofauti kila upande, na pengo likiwa dogo kuliko tofauti hiyo, sehemu ya chini ya ukanda wa pili huwa chini ya kilele cha ule wa kwanza. Elektroni humwagikia huko, kanda zote mbili hubaki na nafasi, na magnesi hupitisha umeme vizuri.

Kihami huhitaji pengo pana kuliko mwingiliano huo. Almasi ina elektroni-volti 5.5, wakati joto la kawaida la chumbani huchangia takriban 0.025 tu, kwa hiyo karibu hakuna elektroni inayovuka. Silikoni ina 1.1, chache huvuka, na idadi yake huongezeka haraka joto likipanda.