Mtoko wa shilingi elfu sabini

Jumatano mchana, kijana mmoja anayeuza vifaa vya simu Kariakoo aliomba ruhusa ya saa mbili, akapanda bajaji hadi Masaki. Hakwenda kula. Alikwenda kusoma menyu. Ijumaa alikuwa na mtoko wa kwanza na binti anayefanya kazi ofisini Posta, na mfukoni alitenga shilingi 70,000 za chakula na nauli.

Mgahawa ulikuwa vile alivyouona kwenye picha: bahari mbele, taa ndogondogo kwenye miti, vitambaa vyeupe mezani. Akaagiza soda moja, akaanza hesabu. Samaki 32,000. Kuku 28,000. Juisi mbili kwa 9,000 kila moja, na chupa kubwa ya maji 5,000. Jumla 83,000. Kisha akaona mstari wa chini kabisa, ule ulioandikwa kwa herufi za kubania macho: bei hazijajumuisha VAT. Kiwango cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18, kwa hiyo hapo panaongezeka 14,940, na bili inafika 97,940 kabla hata ya nauli. Wengi wanaoumbuka mezani hawaumbuliwi na samaki. Wanaumbuliwa na vinywaji, maji na mstari huo.

Rafiki yake wa dukani alimshauri akope 40,000, maana “mara ya kwanza ndiyo anakupima.” Ushauri huo umewatia wengi kwenye madeni ya mwisho wa mwezi, lakini haukutoka hewani. Anayealikwa huangalia kweli umejisumbua kiasi gani. Tatizo ni kwamba kijana akishakaa mahali pasipolingana na mfuko wake, macho yake hayatoki kwenye safu ya bei, na mgeni huliona hilo upesi kuliko taa za mitini.

Hofu yake nyingine ilikuwa hii: je, binti akiagiza vya bei kubwa? Watafiti watatu waliwahi kulipima jambo linalokaribiana na hilo huko Haifa, Israeli, wakachapisha matokeo mwaka 2004. Waliwaketisha wanafunzi wasiofahamiana, sita sita, katika mgahawa. Waliojilipia wenyewe walitumia wastani wa shekeli 37 hivi kila mmoja. Waliogawana bili sawa walifika 51. Waliolipiwa kila kitu walipita 80. Ukiyasoma haraka unaweza kughairi mtoko. Ila wale hawakuwa na haja ya kumpendeza aliyewalipia, na pengine wasingemwona tena. Kwenye mtoko wa kwanza mwalikwa mara nyingi husubiri mwenyeji ataje chake, kisha naye huagiza kitu cha bei ileile. Ndiyo maana inafaa mwenyeji aanze yeye: “Mimi nachukua kuku, hapa wanamchoma vizuri.” Kauli hiyo inamwonyesha mgeni kiwango bila mtu yeyote kutaja hela.

Alhamisi usiku akamwandikia ujumbe: Masaki, au kuku wa kuchoma pale Kisutu? Jibu lilikuja na jambo ambalo hakulipigia hesabu kabisa.

“Natoka kazini saa kumi na moja, na nakaa Kigamboni. Masaki na foleni ya Ijumaa nitarudi saa ngapi?”

Kumbe swali halikuwa bei tu. Kutoka Kisutu hadi kivuko cha Magogoni ni mwendo mfupi wa bajaji. Kutoka Masaki, jioni ya Ijumaa, hakuna anayeweza kukuahidi muda. Mahali pa bei nafuu ndipo palipokuwa pia karibu na njia yake ya kwenda nyumbani.

Ijumaa walifika mapema, kabla watu hawajajaa, wakapata meza mbali na jiko, moshi usiwafuate. Viti vya plastiki, kelele za barabarani, mkaa ukilia. Nusu kuku mbili kwa 11,000 kila moja, sahani ya mishkaki 8,000, naani mbili 3,000, juisi za ukwaju 6,000. Bili 39,000. Akamwachia mhudumu 2,000, akabaki na 29,000 na mabega yaliyoshuka.

Binti akamuuliza kwa nini alitaja Masaki kwanza. Akamweleza ukweli, pamoja na soda ya Jumatano. Binti akacheka mpaka akaweka mshikaki chini. Mgahawa ule anaujua: ofisi yao ilimuaga mwenzao pale, kila mtu akijilipia, naye akaishia kula chipsi kavu na kusema ameshiba.

“Mwezi ujao nachagua mimi,” akasema, “na nalipa mimi. Ila wewe utaagiza wa kwanza.”