Dakika 996 za kufuata maji

"Mimi ni kijana wa Kitanzania mwenye umri wa miaka 23, nina afya njema na niko tayari kufanya kazi popote." Mpwa wangu, aliye mwaka wa mwisho wa shahada ya takwimu, alianza hivyo barua yake ya kuomba mafunzo kwa vitendo kwenye kitengo cha data. Chini yake akapanga masomo aliyosoma, kisha Excel, SPSS na R.

Nikamwambia wenzake wote wa darasani wanaweza kutia sahihi barua hiyohiyo.

"Sasa niandike nini, mjomba? Sijawahi kuajiriwa. Nina kazi za darasani tu."

Nikamtaka anisimulie ya mwisho. Alikuwa ametumia data za Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa mwaka 2022, akitafuta wastani wa muda ambao kaya hutumia kwenda kuchota maji na kurudi. Jibu la kwanza likaja la ajabu: saa na saa. Akarudi kwenye maelezo ya safu ya `hv204`, akakuta kwamba 996 si dakika bali ni alama ya kaya yenye maji nyumbani, na 998 ni ya aliyejibu "sijui".

Chukua kaya nne tu: 20, 30, 40 na 996. Ukizijumlisha kibubusa, wastani ni dakika 271.5. Ukiifuta ile ya nne unapata 30, lakini umeitupa kaya yenye bomba kana kwamba haipo. Yeye alizitenga 998, akaripoti kwanza sehemu ya kaya zenye maji nyumbani, kisha muda wa kati wa zile zinazoyafuata.

Na haya yote hayakuwemo kwenye barua! Tukakata orodha ya masomo, akaandika:

"Katika kazi ya darasani ya watu wanne, mimi nilisafisha data. Niligundua kuwa alama ya 996 ilikuwa ikihesabiwa kama dakika, nikairekebisha na kuandika upya matokeo. Dakika hizo ni makadirio ya waliohojiwa, na wengi hutaja 30 au 60, hivyo sikulinganisha tofauti ndogondogo kati ya mikoa."

Sentensi ya mwisho alitaka kuifuta, eti inaonyesha udhaifu. Nikamzuia. Anayeajiri mtu wa data anaogopa zaidi yule asiyejua takwimu zake zinaishia wapi. "Watu wanne" nayo ikabaki, maana kwenye usaili angeulizwa sehemu ya mwenzake na kubabaika.

"Mtaalamu wa R" ikawa "nimetumia R kusafisha data na kuchora grafu". "Yah:" na "Husika na kichwa cha habari hapo juu" tuliziacha, ndiyo desturi ya ofisi zetu. Tukamalizia kwa tarehe anayoweza kuanza na barua ya utambulisho ya chuo. Ukurasa mmoja, na nafasi ikabaki.