Last Price au Mark Price: Ipi Ifunge Biashara Yako?

Kwenye fyucha za sarafu za kidijitali, bei unayoiona kwenye chati si lazima iwe ndiyo inayokufungia biashara. Last Price ni bei ya muamala wa mwisho kwenye soko hilo moja. Mark Price hukokotolewa, na msingi wake ni fahirisi inayokusanya bei za masoko kadhaa. Watu wengi huchagua soko kwa kulinganisha makato ya kila oda. Anza na hili kwanza, kwa sababu tofauti yake inaweza kuwa dhamana yako nzima.

Tuchukue mfano. Umenunua 0.1 BTC kwa bei ya dola 60,000, kwa levareji ya mara 10. Mkataba una thamani ya dola 6,000 na dhamana yako ni dola 600. Soko likitaka dhamana isipungue asilimia 0.5 ya thamani ya mkataba, utafungwa kwa lazima bei ikifika takriban 54,270.

Usiku wa manane, oda za wanunuzi zikiwa chache, mtu mmoja anauza mzigo mkubwa kwa mkupuo. Oda zilizopo zinamezwa moja baada ya nyingine, bei inaanguka hadi 53,900, kisha inarudi 59,000 ndani ya sekunde chache. Kwenye chati unabaki mshumaa wenye utambi mrefu. Masoko mengine hayakutikisika, yote yapo karibu na 59,000.

Soko lako likitumia Last Price, umeshafungwa na dhamana imekwenda. Tena kufungwa kwako ni oda nyingine ya kuuza, inayoisukuma bei chini na kuwafikia wenzako. Hapo ndipo dhuluma ilipo: bitcoin haikushuka kufika bei hiyo, ila daftari la oda la soko moja lilikuwa tupu kwa sekunde chache.

Mark Price huzuia hilo kwa hesabu rahisi. Binance, kwa mfano, hupanga bei tatu na kuchukua ya katikati. Mbili zinatokana na fahirisi, moja ikirekebishwa kwa ada ya ufadhili na nyingine kwa wastani wa tofauti kati ya fahirisi na mkataba. Ya tatu ni bei ya mkataba wenyewe. Tuseme ni 59,004, 58,970 na 53,900. Ya katikati ni 58,970, kwa hiyo utambi unaachwa pembeni. Hasara yako ya kwenye karatasi ni dola 103, na biashara bado iko hai.

Lakini usalama huo una mpaka. Mei 17, 2019, oda kubwa ya kuuza iliangusha bitcoin kwenye soko la Bitstamp kutoka zaidi ya dola 7,500 hadi chini ya 6,300. Bitstamp ilikuwa miongoni mwa masoko machache yaliyounda fahirisi ya BitMEX, na wateja wengi wa BitMEX wakafungwa kwa lazima ingawa oda ile haikuwekwa huko. Kwa hiyo usiridhike kuambiwa soko linatumia Mark Price. Fungua ukurasa wa fahirisi, hesabu masoko yaliyomo, na uone kama soko linaloachana mno na mengine hupunguziwa uzito au huondolewa.

Kuna chaguo jingine lililo mikononi mwako: oda ya kuzuia hasara. Masoko mengi hukuachia uchague kichocheo, na mara nyingi Last huwa imeshachaguliwa. Ukiiweka 57,500 kwa Last, utambi ule utaiamsha, nayo itauza kwenye daftari tupu, pengine kwa 55,000. Hiyo ni hasara ya dola 500 hata kama soko linafunga kwa Mark. Ukichagua Mark, oda inalala. Gharama yake ni kuchelewa: soko likianguka kwelikweli, Mark inaweza kubaki nyuma, na ukauza chini ya ulipokusudia. Kwa mwenye levareji ndogo na nafasi ya kutosha kabla ya bei ya kufungwa, naona kuchelewa huko ni nafuu kuliko kutolewa na utambi. Anayeingia na kutoka ndani ya dakika chache ana sababu ya kubaki na Last.

Ukifungwa kwa lazima kwenye soko linalotumia Mark Price, badili chati kutoka Last Price kwenda Mark Price na utazame dakika ile ile. Mark ikiwa ilifika bei yako ya kufungwa, soko limefuata kanuni yake, hata kama mshumaa wa Last haukufika. Isipofika kabisa, piga picha ya skrini, nakili namba ya oda na saa, kisha udai fidia kwa maandishi.