BAKSHISHI NA ADA YA HUDUMA: JE, NI SEHEMU YA MSHAHARA?



Katika mikahawa ya Juba wanafanya kazi pamoja wenyeji wa Sudan Kusini na wenzao kutoka Kenya, Uganda, Ethiopia, Eritrea na kwingineko. Kila mmoja amekuja na desturi ya kwao juu ya bakshishi. Mmoja huona kwamba anayepewa ndiye mwenye mali. Mwingine amezoea kila kitu kitiwe sandukuni. Wa tatu aliambiwa siku ya kuajiriwa kwamba mshahara ni mdogo lakini "wageni wanatoa vizuri". Ugomvi mwingi wa zamu huanzia hapo. Kwa hiyo tunaeleza hapa jinsi fedha hizi zinavyogawanywa, na lini zinahesabiwa kuwa mshahara.

Fedha mbili zenye majina mawili

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Bakshishi ni fedha anayoitoa mteja kwa hiari yake, juu ya bili anayodaiwa. Akitaka anatoa, asipotaka hatoi. Ada ya huduma ni fedha iliyoandikwa katika bili na mwajiri mwenyewe, mara nyingi asilimia 10. Mteja aliyekula chakula cha pauni 50,000 anadaiwa pauni 5,000 zaidi, apende asipende. Kodi ya mauzo ni jambo la tatu, nayo ni ya serikali. Isichanganywe na ada.

Tofauti hii ina maana kubwa. Bakshishi iliyotoka mkononi mwa mteja ikaingia mkononi mwa mhudumu haikupita kwa mwajiri, na mwajiri hana msingi wa kusema kwamba yeye ndiye aliyeilipa. Ada ya huduma imepita katika daftari la mwajiri. Ikifika kwa mfanyakazi, imetoka kwake. Kwa hiyo njia iliyopitwa na fedha, na karatasi iliyoandikwa, ndizo zinazoamua mambo kabla hata ya kufika kwa mwanasheria.

Kesi ya wahudumu wa London

Jambo hili lilijaribiwa mahakamani kwa muda mrefu huko Uingereza, na kesi yenyewe inatufundisha sana. Wahudumu wa mkahawa mmoja wa London walidai kwamba mwajiri wao alikuwa akitumia bakshishi za wateja kutimiza kima cha chini cha mshahara. Bakshishi za fedha taslimu hazikuwa na utata, kwani zilikuwa zao. Utata ulikuwa juu ya bakshishi zilizoandikwa katika hundi na kadi za benki. Fedha hizo ziliingia kwanza katika akaunti ya mwajiri, naye akawalipa wahudumu kiasi kile kile.

Mahakama za Uingereza zilisema kwamba fedha hizo zilikuwa mali ya mwajiri kwanza, na alipowalipa wahudumu aliwalipa ujira. Wahudumu walikwenda hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na mwaka 2002, katika kesi inayojulikana kwa jina la Nerva, walishindwa huko pia. Mteja alidhani anamzawadia mhudumu, kumbe alikuwa akimsaidia mwajiri kulipa mshahara.

Haikubaki hivyo. Tangu tarehe 1 Oktoba 2009 kanuni za Uingereza zinakataza bakshishi na ada ya huduma kuhesabiwa katika kima cha chini, hata zikipita kwa mwajiri. Na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mwajiri wa huko analazimika kuwapa wafanyakazi bakshishi zote zilizopita mikononi mwake, bila kukata kitu zaidi ya kodi na makato mengine ya kisheria, na kuzigawa kwa haki.

Ndugu zetu wa Juba, nanyi mko katika hali ileile kila mteja anapolipa kwa kadi, au anapotuma fedha kwa simu kwenye namba ya mkahawa na kusema "chenji ni yako". Fedha hiyo imeingia kwa mwajiri. Bila maandishi, ni vigumu kuthibitisha ilikuwa ya nani.

Kanuni ya Geneva na mfano wa Kenya

Shirika la Kazi Duniani lilipitisha huko Geneva mwaka 1991 Mkataba Namba 172 juu ya hali ya kazi katika mahoteli na mikahawa. Mkataba huo unaeleza bakshishi kuwa ni fedha ya hiari ya mteja, kisha unasema jambo moja zito: bila kujali bakshishi, mfanyakazi lazima apate ujira wa msingi unaolipwa kwa vipindi maalumu. Maana yake, kwanza mshahara usimame kwa miguu yake, ndipo bakshishi ije juu yake.

Kuhusu ada ya huduma, jirani zetu wa Kenya wana kifungu chenye faida katika Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2013. Ada inayotozwa badala ya bakshishi haitozwi kodi hiyo endapo inagawiwa moja kwa moja kwa wafanyakazi kwa mapatano ya maandishi baina yao na mwajiri, na endapo haizidi asilimia 10 ya bei ya huduma. Sheria hiyo ni ya kodi, wala si ya kazi. Lakini angalieni inavyofanya: mwajiri anayetaka nafuu ya kodi analazimika kuwa na karatasi, na karatasi hiyo ndiyo silaha ya mfanyakazi.

Hapa Sudan Kusini mikataba ya kazi na mishahara inatawaliwa na Sheria ya Kazi ya mwaka 2017. Ushauri wetu ni kwamba mfanyakazi asingoje jambo la bakshishi liamuliwe baada ya ugomvi. Liandikwe katika mkataba wake tangu mwanzo.

Jinsi ya kugawa: mfano wa wiki moja

Tuchukue mkahawa wenye wafanyakazi tisa: wahudumu wanne, mmoja wa baa, wapishi wawili, mwosha vyombo na mfagiaji. Wamekubaliana kutia bakshishi zote katika sanduku moja na kugawana kwa pointi. Mhudumu na mtu wa baa wanapata pointi 3 kwa kila zamu, mpishi pointi 2, mwosha vyombo na mfagiaji pointi 1. Wiki hiyo wote walifanya zamu sita, isipokuwa mfagiaji aliyefanya tano.

Wahudumu na mtu wa baa, watu watano, wana pointi 18 kila mmoja, jumla 90. Wapishi wana 12 kila mmoja, jumla 24. Mwosha vyombo ana 6 na mfagiaji 5. Pointi zote ni 125.

Sanduku linafunguliwa Jumapili. Ndani mna pauni 200,000 na dola 60. Hapa ndipo penye mtego wa Juba. Tuseme, kwa mfano tu, benki inabadilisha dola kwa pauni 4,000 na mitaani ni 5,000. Zikibadilishwa kwa bei ya mitaani, sanduku lina pauni 500,000, na kila pointi ni pauni 4,000. Mhudumu anapata 72,000, mpishi 48,000, mwosha vyombo 24,000, mfagiaji 20,000. Jumla inatimia.

Sasa meneja akichukua dola zote na kuweka pauni kwa bei ya benki, sanduku linakuwa na 440,000 tu. Pointi inashuka hadi 3,520 na mhudumu anapata 63,360. Hakuna aliyeiba noti hata moja, lakini pauni 60,000 za wafanyakazi zimehama. Hali ya bei mbili ilikuwa mbaya sana kabla ya Desemba 2015, wakati bei rasmi ya dola ilipokuwa pauni 2.95 na ya mitaani juu zaidi mara kadhaa. Dawa yake ni kugawa dola kwa dola, au kuandika bei iliyotumika mbele ya wote.

Mtego wa pili ni meneja kuingia katika mgawo. Akijipa pointi 5 kwa zamu, anaongeza pointi 30. Pointi zinakuwa 155, na kila moja inashuka hadi pauni 3,225 na kidogo. Mhudumu anapoteza karibu pauni 14,000 kwa wiki. Anayepanga zamu na kushika ufunguo asiwe mgawiwa.

Wako wahudumu wanaouliza kwa nini wagawane na jikoni. Jibu ni kwamba chakula kilichochelewa au sahani chafu huondoa bakshishi kabla mhudumu hajafika mezani. Lakini uzito wa pointi upangwe na wafanyakazi wenyewe kwa kura, wala usibadilishwe katikati ya mwezi.

Basi, ni mshahara au si mshahara?

Jibu linategemea swali linaloulizwa. Likiwa ni "Je, mwajiri anaweza kupunguza mshahara kwa sababu ya bakshishi?", msimamo wetu ni hapana. Mkataba ukisema pauni 300,000 kwa mwezi, na mwajiri akalipa 150,000 na kusema "zilizobaki zimo sandukuni", bado anadaiwa 150,000. Fedha ya mteja haiwezi kulipa deni la mwajiri.

Likiwa ni "Je, ada ya huduma ihesabiwe katika malipo ya likizo na kiinua mgongo?", inafaa tudai ihesabiwe, kwa kuwa hulipwa na mwajiri kila mwezi kwa kiwango kinachojulikana. Jambo hili lina gharama yake: kinachoitwa mshahara huweza kukatwa kodi ya mapato. Ndiyo maana mkataba uandike mistari miwili, mshahara wa msingi peke yake na mgawo wa ada peke yake. Mwajiri akiviunganisha katika tarakimu moja, mwezi ambao wageni ni wachache utakuwa mzigo wa mfanyakazi.

Mtajuaje kwamba mambo si sawa? Tazameni bili. Ikiwa ada ya asilimia 10 imeandikwa, linganisheni namba za bili za mwezi na kiasi kilichogawiwa. Mauzo ya pauni milioni 12 kabla ya ada na kodi lazima yatoe ada ya milioni 1.2. Tazameni pia kama sahani zilizovunjika hukatwa kwenye sanduku, na kama anayeacha kazi hunyimwa pointi alizokwisha kuzifanyia kazi. Yote mawili ni makosa.

Sanduku liwe na kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mhudumu na mmoja kwa mtu wa jikoni. Lifunguliwe siku moja maalumu, fedha zihesabiwe mbele ya watu watatu, na daftari lionyeshe tarehe, pauni, dola, bei ya kubadilishia, pointi za kila mmoja na sahihi yake. Bakshishi za kadi na simu ziandikwe siku ile ile zilipoingia, na keshia atie sahihi. Wahudumu wa London walishindwa kwa sababu fedha ilipita kwa mwajiri. Ninyi hakikisheni kwamba kila inapopita, imeacha maandishi yanayosema ni ya nani.