Kebo Iliyopita Darini

Mwaka 2009, watu wa Dar es Salaam walikuwa wakizungumzia mkongo wa SEACOM ulioanza kufanya kazi mwezi Julai, nami nilikuwa Muheza nikimsaidia shangazi yangu kuendesha kafe yake ya intaneti. Alikuwa na kompyuta kumi, tano chumba cha mbele na tano chumba cha nyuma, kila chumba na swichi yake ndogo. Swichi hizo mbili ziliunganishwa na kebo moja ya mita ishirini na tano hivi, iliyopanda ukutani, ikapita darini na kushukia upande wa pili. Kebo ile niliifunga kwa mikono yangu.

Biashara ilikuwa imedorora, ndipo Shangazi akaamua kuandaa usiku wa mashindano ya Counter-Strike 1.6. Gemu hiyo haihitaji intaneti. Kompyuta moja inafanywa seva, nyingine zinajiunga nayo kupitia swichi, na watu wanacheza watano kwa watano humo humo ndani. Timu moja ingekaa mbele, nyingine nyuma, wasisikilizane mipango. Kiingilio shilingi elfu tano kila mchezaji, na mshindi achukue sehemu kubwa. Jumamosi saa moja usiku nyumba ilijaa, wengine wamesimama mlangoni.

Raundi ya pili haikumalizika kwa amani. Vijana wa chumba cha nyuma walilalamika kwamba adui anarukaruka kwenye skrini: yuko mlangoni, mara yuko nyuma yako, na wewe umekwisha kufa. Waliokaa mbele hawakuona tatizo lolote. Basi neno "wizi" likatamkwa, na mmoja akadai fedha zake.

"Mwanangu, hebu angalia," Shangazi aliniambia kwa sauti ya chini. "Nikirudisha hela za watu leo, hawarudi tena."

Nilichomoa ruta kwanza, maana kila kitu kibaya pale tulizoea kukilaumu kwa intaneti. Hali haikubadilika. Nikahamisha kompyuta moja ya nyuma nikaichomeka kwenye swichi ya mbele, nayo ikacheza vizuri kabisa. Kwa hiyo kompyuta hazikuwa na kosa. Nikabadilisha swichi, ya mbele ikaenda nyuma na ya nyuma ikaja mbele. Chumba cha nyuma kiliendelea kuumwa. Nikaketi kwenye mashine mojawapo ya huko na kuipigia seva mara mia moja:

```
ping -n 100 192.168.0.2
Packets: Sent = 100, Received = 81, Lost = 19 (19% loss)
```

Pakiti kumi na tisa kati ya mia zilikuwa zikipotea njiani, ndani ya nyumba moja. Kutoka chumba cha mbele haikupotea hata moja. Kilichobaki kushukiwa ni kebo ya darini.

Nikaleta kipima kebo, kile kidude cha taa nane. Unachomeka kila upande kipande chake, na taa zinawaka moja baada ya nyingine, kuanzia moja hadi nane. Zote ziliwaka kwa mpangilio. Hapo nikaishiwa, kwa sababu kwa elimu niliyokuwa nayo, kebo ambayo taa zake zote zinawaka ni nzima.

Aliyetuokoa ni jirani, mzee mstaafu aliyefanya kazi ya nyaya za simu maisha yake yote. Alikuwa amefuata kelele. Nikamwamkia, akaitikia, akachukua ncha ya kebo na kuisogeza kwenye taa. Kichwa cha RJ45 ni plastiki angavu, na rangi za nyuzi zote zinaonekana.

"Nani alifunga hii?"

"Mimi, mzee."

"Ulizipangaje?"

Nilimweleza: chungwa na mwenzake, kijani na mwenzake, buluu na mwenzake, kahawia na mwenzake. Kila jozi pamoja, na pande zote mbili sawasawa. Niliona huo ndio mpangilio wenye akili.

"Mjukuu wangu, hapo ndipo ulipozitenganisha," alisema.

Ndani ya kebo kuna nyuzi nane za shaba zilizosokotwa mbilimbili. Kusokota huko si kwa ajili ya kuokoa nafasi. Ujumbe mmoja unapita kwenye nyuzi mbili kwa pamoja, uzi huu ukibeba kinyume cha ule. Kelele za umeme kutoka nyuzi za jirani zikiingia, zinaigusa jozi nzima karibu kwa kiasi kilekile, na mashine ya upande wa pili inasoma tofauti tu kati ya uzi na uzi. Kelele zikilingana, zinafutana. Alexander Graham Bell aliipatia hataza njia hiyo mwaka 1881 kwa ajili ya simu, na ndiyo maana mzee wa simu aliijua kuliko mimi wa kompyuta.

Sasa, mtandao wa kasi ya megabiti mia unatumia pini ya 1 na 2 kwa upande mmoja, na pini ya 3 na 6 kwa upande mwingine. Pini 3 na 6 hazikai pamoja. Kwa mpangilio wangu, pini ya 3 ilipata nyeupe-kijani na pini ya 6 ikapata buluu, nyuzi mbili ambazo hazikusokotwa pamoja hata kidogo. Ujumbe ulikuwa unapita, lakini bila kinga. Kipima kebo hakiwezi kuliona hilo, kwani kinachouliza ni kama uzi wa tatu huku ndio wa tatu kule, na jibu lilikuwa ndiyo.

Miezi yote ile kebo ilikuwa hivyo. Kurasa za intaneti zilivumilia, maana pakiti ikipotea inatumwa tena, na mteja anaona uzito tu. Wateja wa chumba cha nyuma walikuwa wakilalamikia uzito huo, nasi tukiilaumu kampuni ya intaneti. Gemu haisubiri. Mahali alipokuwa adui nusu sekunde iliyopita hapana faida tena, hivyo pakiti iliyopotea imepotea.

Droo ilikuwa na vichwa viwili tu vya RJ45, na kichwa kikishabanwa hakirudiwi. Nilikata ncha zote mbili, mzee ameshika tochi, nikapanga upya: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Kijani ikamrudia mwenzake kwenye pini ya 6, na jozi ya buluu ikakaa katikati yao. Mzee alinikataza kusokotoa nyuzi zaidi ya upana wa kidole, kwani kila sehemu iliyofunguliwa imepoteza kinga yake. Kanuni inasema milimita 13. Nikabana cha kwanza, nikakimbilia chumba cha pili, nikabana cha mwisho mikono ikitetemeka.

Mia zilikwenda, mia zikarudi. Shangazi aliangalia skrini, akaenda mlangoni kuwaambia watu kwamba mchezo unaanza upya tangu raundi ya kwanza. Ilikuwa saa tatu na nusu. Fainali iliisha saa saba usiku, na chumba cha nyuma ndicho kilichoshinda.

Jumapili asubuhi aliniweka chini na kebo zote za kafe, kumi na moja, tuzisome rangi moja moja. Tatu nilikuwa nimezifunga vilevile. Zilikuwa fupi, mita mbili au tatu, urefu ambao kosa hilo haliwahi kuonekana. Nilimwambia zinafanya kazi.

"Zikate," alisema Shangazi, akanipa nauli ya kwenda Tanga kununua vichwa.