Vipande viwili vya shaba vikigusana

Chukua vipande viwili vya shaba, kila kimoja kilo 1. Kimoja kimetoka kwenye maji yanayochemka, kina nyuzi 100 za Selsiasi; kingine kina nyuzi 20. Vibananishe ndani ya boksi lisilopitisha joto, uviache. Vitakutana kwenye nyuzi 60. Kilo ya shaba huhitaji jouli 385 hivi kupanda nyuzi moja, kwa hiyo jouli 15,400 zimetoka kwenye kipande cha moto na zote zimeingia kwenye cha baridi. Kwa upande wa nishati, hakuna kilichopotea wala kuongezeka. Lakini joto hilo halitarudi lenyewe lilikotoka, na hesabu ya nishati peke yake haielezi kwa nini.

Kinachoeleza ni entropia, kipimo alichokipa jina Mjerumani Rudolf Clausius mwaka 1865. Joto linalohama hugawanywa kwa halijoto ya kitu linakotoka au linakoingia, kwa kelvini, yaani Selsiasi ukijumlisha 273. Jouli ya kwanza inatoka penye kelvini 373, inaingia penye 293. Kipande cha moto kinapoteza 1/373, cha baridi kinapata 1/293. Kinachopatikana ni kikubwa kuliko kinachopotea, na tofauti hiyo ni entropia mpya, ambayo haikuwapo kabla.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea. Wanagawanya jouli zote 15,400 kwa 373 na kwa 293, wanapata ongezeko la 11.3, maradufu ya jibu sahihi. Wamesahau kwamba halijoto hubadilika kila jouli inapopita. Inabidi kujumlisha hatua ndogondogo, kazi inayofanywa na logi asilia:

Cha moto: 385 × ln(333/373) = −43.7
Cha baridi: 385 × ln(333/293) = +49.3

Jumla ni 5.6, kwa jouli kwa kelvini. Mimi huvutiwa zaidi na jinsi inavyopatikana. Nusu ya joto ikishahama, vipande vikiwa nyuzi 80 na 40, entropia mpya imeshafika 4.2, robo tatu ya yote. Nusu ya pili inaongeza 1.4 tu, kwa sababu pengo la halijoto limepungua. Pengo kubwa ndilo linalozalisha entropia.

Na ina gharama. Kama badala ya kugusanisha vipande tungeweka kati yao injini kamilifu, isiyozalisha entropia yoyote, ingefanya kazi ya karibu jouli 1,850 kabla vipande havijalingana, na vingelingana kwenye nyuzi 57.6, si 60. Nyuzi hizo 2.4 za ziada katika kila kipande ndizo kazi ambayo haikufanyika: jouli zake zimebaki ndani ya shaba kama joto, na sasa hakuna tofauti ya halijoto kati ya vipande ya kuendeshea injini.